Barua ya Mzazi Kuhusu Wingi wa Kazi za Nyumbani: Namna ya Kuisoma na Kuijibu

Mwanachuo hufundishwa kuandika andalio la somo, kutunga zoezi na kusahihisha madaftari. Ni mara chache kufundishwa afanye nini siku atakapoletewa bahasha iliyotoka nyumbani kwa mwanafunzi, na ndani yake mzazi anauliza kwa nini mtoto hulala usiku mwingi akiandika. Aghalabu mwalimu mgeni huisoma barua ya namna hiyo kama mashtaka, akaijibu kwa kujitetea. Sisi tunapendekeza isomwe kama andiko lenye vipimo, kwa kuwa mzazi aliyeandika saa za jioni amempa mwalimu habari ambazo hawezi kuzipata akiwa darasani. Katika somo hili tutaichukua barua moja, tuichambue, kisha tuone ijibiwe vipi.

Barua yenyewe tumeitunga kwa ajili ya somo hili. Mwanachuo aisome mara mbili kabla ya kuendelea, na mara ya pili ashike kalamu.

Kupitia kwa Mwalimu Mkuu,
Kwa Mwalimu wa Darasa la Tano "B".

Ndugu Mwalimu,

YAH: KUOMBA UFAFANUZI WA KAZI ZA NYUMBANI

Salaam. Mimi ni mzazi wa mmoja wa wanafunzi wako. Siandiki kwa kulaumu. Mimi ni fundi cherehani niliyeishia Darasa la Saba, na mambo ya ufundishaji siyajui, kwa hiyo naomba kuelezwa.

Mtoto wangu hufika nyumbani saa 10:15 alasiri. Huosha vyombo, huchota maji na kumwangalia mdogo wake mpaka mimi nirudi kutoka kibandani. Huanza kazi za shule saa 12:30 jioni. Wiki iliyopita niliweka saa mezani nikaandika.

Jumatatu alikuwa na Hisabati, maswali 30 ya kujumlisha sehemu. Alitumia dakika 100. Kisha Kiingereza, kunakili habari na kujibu maswali 10, dakika 40. Jumanne alikuwa na maswali ya Sayansi, dakika 50, kunakili ufahamu wa Kiswahili, dakika 45, na masahihisho ya Hisabati, dakika 40. Jumatano alikuwa na insha ya Kiswahili peke yake, akamaliza kwa saa moja, tukafurahi. Alhamisi alipewa Hisabati, akatumia dakika 75, tukala kwa dakika 20, kisha Kiingereza dakika 40. Umeme wa LUKU ulituishia kabla hajamaliza, tukawasha taa ya sola. Akaingia Sayansi, kuchora ua na kuandika sehemu zake na kunakili maelezo ya kurasa mbili. Saa 3:50 usiku nilimkuta amelala juu ya daftari, kazi haijaisha. Huamka saa 11:00 alfajiri kwa kuwa shule iko mbali.

Naomba kuelezwa haya. Je, ni lazima anakili swali lote na habari yote kabla ya kujibu? Je, kazi zote zinatakiwa kesho yake, au nyingine zina muda zaidi? Dada yake wa Kidato cha Pili anaruhusiwa kumsaidia mpaka wapi? Na ikiwa usiku umekuwa mwingi naye hajamaliza, nimlaze au nimwache aendelee? Nauliza la mwisho kwa sababu Ijumaa aliniambia alisimamishwa nje ya darasa.

Wako,
Mzazi.

Kupima kabla ya kuamua

Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuzipanga dakika hizo upya. Mzazi amezipanga kwa siku, kama zilivyomjia. Ukizijumlisha hivyo, Jumatatu ni dakika 140, Jumanne 135, Jumatano 60 na Alhamisi 180 bila ya kuhesabu chakula. Jumla ni dakika 515 kwa jioni nne, yaani saa 8 na dakika 35, au zaidi kidogo ya saa 2 kila jioni. Sasa zipange kwa somo. Hisabati imechukua dakika 215, Sayansi 115, Kiswahili 105 na Kiingereza 80. Mpango huu wa pili unaonyesha jambo ambalo wa kwanza uliuficha: somo moja limekula zaidi ya thuluthi moja ya muda wote, na hakuna somo jingine lililozidi saa 2 kwa juma zima. Tena waona kwamba Jumatano haikuwa na tatizo hata kidogo. Tatizo halikuenea sawasawa, na dawa yake haiwezi kuwa kupunguza kila kitu nusu.

Je, saa 2 kila jioni ni nyingi kwa mtoto wa Darasa la Tano? Hapa yatupasa kuwa na kipimo, maana bila ya kipimo mzazi atasema nyingi na mwalimu atasema chache, na hakuna atakayemshinda mwenziwe. Kipimo kinachotajwa sana kimetoka Marekani. Huko hutumiwa kanuni ya dakika 10 kwa kila darasa: Darasa la Kwanza dakika 10, la Pili 20, hata Darasa la Tano likafikia dakika 50. Kanuni hiyo hujumlisha masomo yote ya jioni moja. Si dakika 50 kwa kila mwalimu. Anayehusishwa nayo zaidi ni Profesa Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha mapitio ya uchunguzi uliofanywa nchini humo kati ya 1987 na 2003, wakaona kwamba uhusiano wa kazi za nyumbani na maendeleo ya masomo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, kuanzia la saba, kuliko kwa watoto wadogo wa shule ya msingi.

Lakini kipimo cha ugenini kisichukuliwe kama sheria. Hatufundishi watoto wa Marekani, na si kila nyumba yetu ina meza na taa. Kwa sababu hiyo tunapenda kukijaribu kwa njia nyingine, kwa kutumia saa za nyumba hii hii. Madaktari wa usingizi wa Marekani, katika ushauri walioutoa mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, saa 9. Mtoto wetu huamka saa 11:00 alfajiri. Basi apaswa awe amelala saa 2:00 usiku. Huanza kazi saa 12:30. Katikati pana dakika 90. Toa dakika 20 za chakula na dakika 15 za kuoga na kupanga mfuko wa shule, zinabaki 55. Kwa njia mbili zisizohusiana tumefika karibu na mahali pamoja. Alhamisi, kwa upande wake, iliomba dakika 180 kutoka kwa jioni yenye 55, na kilichobaki kililipwa kwa usingizi: mtoto alilala saa 7 tu.

Mwanachuo mmoja atauliza, "Kwa nini asianze saa 10:30 mara afikapo?" Ni swali la haki, lakini jibu lake limo ndani ya barua. Saa hizo anaosha vyombo, anachota maji na kulea mdogo wake, na mama yuko kibandani akishona. Mwalimu hawezi kuipangia nyumba shughuli zake kwa barua. Anachoweza kukipanga ni zoezi.

Jambo jingine la kupima ni ukweli wa barua yenyewe. Mzazi hakusema uongo, lakini saa ya mezani haitofautishi dakika ya kuandika na dakika ya kutafuta raba au kumbembeleza mdogo anayelia. Tena huyu ni mtoto mmoja. Huenda ni mzito wa kuandika kuliko wenzake. Njia rahisi ya kupata hakika ni kuwaambia wanafunzi wote, kwa juma moja, waandike pembeni mwa daftari saa waliyoanza kila kazi na saa waliyomaliza. Waeleze wazi kwamba hakuna alama inayotokana na saa hizo, wala sifa kwa aliyewahi. Mtoto akidhani kuwahi ndiyo akili, ataandika dakika 15 hata kama alikaa saa nzima. Ikiwa nyumba fulani hazina saa, wataandika "kabla ya adhana ya magharibi" au "baada ya taarifa ya habari", na hilo latosha kwa kazi yetu.

Maswali thelathini

Sasa tuingie katika Hisabati, maana ndiko mzigo ulikolala. Mwalimu wa somo, akiulizwa, husema, "Maswali 30 ni dakika 30 tu, swali moja dakika moja." Amepima kwa mkono wake mwenyewe. Tutazame anachofanya mtoto katika swali moja, tuseme 2/3 + 3/4. Anaandika swali. Anatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3 na 4, aghalabu kwa kuorodhesha vigawe vya kila namba pembeni, hata akutane na 12. Anabadili 2/3 kuwa 8/12 na 3/4 kuwa 9/12. Anajumlisha viasi, anapata 17/12. Anaona ni sehemu guni, anaigeuza kuwa sehemu mchanganyiko, 1 5/12. Hizo ni hatua tano baada ya kunakili, na katika kila moja aweza kukwama na kufuta.

Namna ya kujua muda halisi ni kutoa maswali matano ya aina hiyo darasani na kutazama saa. Usiangalie anayemaliza wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayekudanganya kila siku. Mtazame wa katikati na mmoja wa wazito. Tuchukue mfano kwamba wa katikati amemaliza kwa dakika 14 na mzito kwa dakika 22. Zidisha kwa sita, kwa kuwa 30 ni matano mara sita: wa katikati anahitaji dakika 84 na mzito dakika 132. Dakika 100 za mtoto wa barua zimeangukia kati yao. Basi mtoto huyu hakucheza wala mama hakutia chumvi. Ni zoezi lililokuwa kubwa kuliko lilivyodhaniwa.

Lakini urefu si ubaya pekee wa maswali 30. Kuna kosa linalojulikana sana katika mada hii: mtoto hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mtoto mwenye kosa hili akipewa maswali 30 nyumbani, ataliandika kosa mara thelathini bila ya mtu wa kumzuia, na kesho yake mkono wake utakuwa umelizoea. Maswali mengi huimarisha lililokwisha kueleweka; lisiloeleweka nalo huliimarisha vilevile. Ndiyo maana kabla ya kutoa kazi ya nyumbani ya sehemu, mwalimu apite katikati ya madawati akague maswali mawili ya kwanza. Na awafundishe watoto njia ya kujikagua wenyewe: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2, nawe ulianza na 1/2 ukaongeza kitu. Umeongeza ukapungukiwa? Mtoto wa Darasa la Tano huielewa hoja hiyo upesi, na anaweza kuitumia akiwa nyumbani peke yake.

Je, maswali mangapi yanatosha? Sisi twasema manane, iwapo yamechaguliwa. Mawili yawe ya asili ambazo moja ni kigawe cha nyingine, kama 1/2 + 1/4, ili mtoto aone kwamba si lazima kubadili sehemu zote mbili. Matatu yawe ya asili zisizo na kigawo cha shirika zaidi ya 1, kama 2/3 + 1/4, ambapo kuzidisha asili mbili kunatosha. Mawili yawe kama 1/6 + 3/8, ambapo anayezidisha tu hupata 48 na kujisumbua kwa namba kubwa, ilhali 24 yatosha na jibu ni 13/24. La mwisho liwe la sehemu mchanganyiko. Maswali haya manane yanagusa kila mlango wa mada. Mengi ya yale 30, ukiyatazama kitabuni, yanarudia mlango mmoja.

Kwa kasi tuliyoipima, manane yatamchukua mtoto wa katikati dakika 22 hivi, na mzito dakika 35. Mwalimu naye ananufaika. Darasa la watoto 60 likiandika maswali 30 kila mmoja, mezani patakuwa na majibu 1,800. Hakuna mwalimu atakayeyasoma yote kabla ya kipindi cha kesho. Atapiga alama moja kubwa ya vema chini ya ukurasa, na yule wa 2/5 atapita naye. Majibu 480 bado ni kazi nzito, lakini inasomeka.

Kunakili, na walimu wanne wasiosemezana

Mzazi aliuliza kuhusu kunakili, na swali lake ni zuri kuliko anavyojua. Kunakili kumeingia katika shule zetu kwa sababu halisi: vitabu havitoshi, vinabaki shuleni, na mtoto asiponakili swali hana cha kujibu nyumbani. Hatuwezi kuiondoa sababu hiyo kwa kuikemea. Lakini tutofautishe. Katika Hisabati, kuandika 2/3 + 3/4 ni sehemu ya kukokotoa. Katika Kiingereza, kunakili habari nzima ili kujibu maswali kumi ni mwandiko, si ufahamu. Na mtoto anayeandika neno kwa neno katika lugha asiyoizoea hufika mwisho wa sentensi bila ya kujua mwanzo wake ulisema nini. Ikiwa kitabu hakiendi nyumbani, habari isomwe na kujadiliwa darasani, kisha mtoto aende na maswali matatu mafupi anayoweza kuyajibu kwa kumbukumbu. Ikiwa kitabu kinakwenda kwa zamu, aandike namba ya swali na jibu kwa sentensi kamili, basi.

Wingi wa Alhamisi, hata hivyo, haukutokana na mwalimu mmoja. Wa Hisabati alitoa zoezi lake, wa Kiingereza lake, wa Sayansi lake, na kila mmoja alidhani jioni ni yake. Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, ambako kila somo aghalabu lina mwalimu wake, hili ndilo linalotokea pasipo mtu kukusudia. Dawa yake ni karatasi moja. Ibandikwe ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, kwa sababu daftari hilo lipo kila siku. Kila anayetoa kazi huandika somo, siku na dakika anazokadiria, na anayekuta dakika 50 zimekwisha andikwa hutoa kazi yake siku nyingine. Kiranja wa darasa aweza kumkumbusha mwalimu aliyesahau, ingawa si haki kumwachia mtoto kazi ya kumzuia mtu mzima. Mwalimu wa taaluma aipitie karatasi kila Ijumaa. Tumeona kwamba karatasi ya namna hii hufa ndani ya majuma matatu ikiwa hakuna anayeipitia.

Kwa darasa letu, mpango waweza kuwa hivi: Hisabati Jumatatu na Jumatano, maswali manane kila mara, Sayansi Jumanne, Kiswahili na Kiingereza Alhamisi, kimoja kifupi. Insha, kwa kuwa ni kazi ya kufikiri, itolewe Ijumaa na kukusanywa Jumatatu.

Kuijibu

Siku ile ile barua inapofika, au kesho yake, mwalimu apeleke mistari miwili kupitia kwa Mwalimu Mkuu: nimeipokea, nimeisoma, nitakujibu kamili kabla ya siku fulani. Hawezi kujibu kamili papo hapo, kwa sababu sehemu ya majibu imo mikononi mwa wenzake, na kuahidi kwa niaba yao bila ya kuwauliza ni kuleta ugomvi mwingine katika chumba cha walimu. Wakati huo huo barua isisomwe mbele ya darasa, na mtoto asiulizwe kwa kejeli, "Mama yako anasema nawaonea?" Mtoto aliyeaibishwa kwa barua ya mzazi wake hatapeleka tena habari yoyote nyumbani, na mwalimu atakuwa ameziba sikio lake mwenyewe.

Jibu baya hulitambua kila mtu: "Kazi za nyumbani ni kwa faida ya mwanao. Tunaomba ushirikiano wako." Mama huyu aliuliza maswali manne, na hapo hakuna hata moja lililojibiwa. Jibu lifaalo lafanana na hili:

Ndugu Mzazi,

Salaam. Asante kwa barua yako na kwa kutuandikia saa za kila siku. Tumeketi walimu wa masomo manne tukazitazama, na tumekubaliana kama ifuatavyo, kuanzia Jumatatu ijayo.

Kuhusu kunakili: katika Hisabati aandike swali na hatua zake. Katika masomo mengine aandike namba ya swali na jibu tu. Habari ndefu hazitanakiliwa nyumbani.

Kuhusu muda: kazi za jioni moja hazitazidi dakika 50 kwa masomo yote pamoja. Insha itatolewa Ijumaa na kukusanywa Jumatatu.

Kuhusu dada yake: amsomee swali, amuulize hatua inayofuata, na amwonyeshe mfano mwingine unaofanana. Asimwandikie jibu. Akimwandikia, sisi tutadhani mtoto ameelewa, nasi tutaendelea na mada mpya.

Kuhusu usiku: zikifika dakika 50 naye hajamaliza, apige mstari chini ya alipofika, uandike "muda umekwisha" na sahihi yako, kisha umlaze. Mstari huo hautamletea adhabu. Utatuonyesha mahali pa kumsaidia.

Tumesikitika kwa lililompata Ijumaa. Mwalimu Mkuu amelizungumza na walimu wa darasa, na mtoto ambaye hakumaliza atapewa nafasi ya kumaliza shuleni, ndani ya chumba cha darasa.

Wako,
Mwalimu wa Darasa.

Mwanachuo atazame jibu la swali la nne kwa makini, maana ndilo zito kuliko yote, ingawa mzazi aliliweka mwisho na kwa unyenyekevu. Aliyekuwa amekaa na mtoto saa 3:50 usiku alikuwa na machaguo mawili: usingizi au adhabu. Mstari na sahihi humwondolea uchaguzi huo. Aidha humpa mwalimu kitu cha thamani: akikusanya madaftari 60 na kuona mistari 25 imepigwa baada ya swali la tano, anajua kwamba zoezi lilikuwa refu au mada haikueleweka. Akiona mstari mmoja tu, wa mtoto yule yule kila siku, anajua kwamba mtoto huyo anahitaji kuketi naye, na pengine kuchunguzwa macho. Mzazi asiyejua kuandika aweza kuweka alama yoyote waliyokubaliana. Hilo lielezwe kwa mdomo katika mkutano wa wazazi, si kwa barua.

Kuna hatari moja ya mpango huu. Wapo watoto watakaojifunza kukaa dakika 50 bila ya kufanya lolote, kisha kuomba sahihi. Hawa hujulikana kwa daftari: mtoto aliyeshindwa huacha mafuto, hatua nusu na majibu yaliyokatwa, aliyekaa bure huacha karatasi safi. Azungumze naye mwalimu faraghani, wala kanuni isiondolewe kwa wote kwa ajili yake.

Kazi ya Sayansi ya Alhamisi, dakika 65, hatukuigusa, na tumeiacha kwa makusudi. Kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo aketi na saa, achore ua na kuandika sehemu zake, kisha anakili maelezo ya kurasa mbili kutoka kitabu cha Sayansi cha Darasa la Tano kwa mwandiko wa kuunga usio na haraka. Aandike dakika za kila sehemu. Halafu aamue lipi libaki kazi ya nyumbani, lipi lifanywe darasani mbele ya ua lenyewe lililochumwa nje ya dirisha, na lipi lifutwe, na aje na sababu zake kwenye kikao cha mbinu za kufundishia.